Matini Moja kwa Wiki: Mwongozo wa Kujisomea Kifaransa kwa Mtu Mwenye Kazi

Mpango ambao wengi wetu huanza nao ni wa kuigawa wiki kwa stadi: Jumatatu kusikiliza redio, Jumanne kusoma kitabu, Jumatano kuzungumza, Alhamisi kuandika. Nami nilianza hivyo nilipokuwa nikifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, na kwa miezi kadhaa sikuona ninachokipata. Tatizo halikuwa uchache wa muda, bali ni kwamba kila siku nilikuwa naanza upya. Neno nililolisikia redioni Jumatatu halikuwemo katika kitabu cha Jumanne, na niliyoyasoma Jumanne hayakuwa na uhusiano wowote na niliyotakiwa kuyaandika Alhamisi, hivyo kila neno jipya lilipita mara moja na kupotea. Mwanafunzi wa kutwa anaweza kuumudu utawanyiko huo. Mwenye dakika 30 kwa siku hawezi.

Mpango ninaoueleza hapa unachukua matini moja fupi yenye sauti, na matini hiyo hiyo husikilizwa, huandikwa kwa imla, husomwa, husemwa, kisha huandikwa tena kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, kuanzia Jumamosi hadi Ijumaa. Unamfaa mtu aliyekwisha kupita hatua ya kwanza kabisa, yaani anayeweza kujitambulisha, kutaja bei na kuelewa swali fupi. Katika ngazi zinazotumiwa na DELF, mitihani ya kupima Kifaransa cha wasiozaliwa nacho, mtu huyo yuko mwishoni mwa A1, ngazi ya kwanza, au ndani ya A2, inayoifuata. Asiyejua bado hata kuhesabu hadi 20 atangulize kitabu cha mwanzo au mwalimu, kwa sababu uti wa mgongo wa mpango huu ni imla, na imla haimfai mtu ambaye masikio yake hayajashika neno lolote.

Muda wote ni saa 4 na dakika 5 kwa wiki. Jumamosi ni dakika 30, Jumapili dakika 75, Jumatatu dakika 25, Jumanne dakika 25, Jumatano dakika 30, Alhamisi dakika 40 na Ijumaa dakika 20. Safari za daladala sikuzihesabu, kwa sababu ndani ya gari mtu hukatizwa na abiria, kondakta na muziki. Humo sikiliza yale uliyokwisha kuyaelewa, lakini usitarajie kujifunza jipya. Nimeichukua Jumapili kuwa siku ya mapumziko. Kama zamu yako inakupa Jumanne kuwa siku ya mapumziko, isogeze wiki nzima ili kazi ya dakika 75 iangukie siku hiyo, lakini usiubadilishe mfuatano wenyewe.

Kuchagua matini na kuihifadhi

Matini inayofaa ina sauti ya dakika moja hadi moja na nusu, ina maneno kati ya 80 na 150, na inakuja pamoja na maandishi yake kamili. Sharti la maandishi usilisamehe. Bila maandishi huna wa kukusahihisha, na kujisomea bila msahihishaji ni kuyazoea makosa.

Vitabu vingi vya kufundishia Kifaransa vina mazungumzo ya namna hiyo pamoja na sauti zake. Katika mtandao, televisheni ya TV5MONDE wana mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa ngazi katika `apprendre.tv5monde.com`, na redio ya RFI wana `francaisfacile.rfi.fr`, ambako hupatikana taarifa ya habari ya kila siku inayoitwa `Journal en français facile`. Taarifa hiyo ni ya dakika 10, na mtu wa A2 akiichukua nzima atazama. Chukua habari moja tu ndani yake, ile ya dakika moja, na uiache iliyobaki bila majuto. Pakua sauti kwenye simu ukiwa mahali penye waifai, ili wiki isisimame kwa sababu bando limekwisha.

Sisi wa Visiwani tuna njia nyengine ambayo wengi hatuitumii. Kifaransa ni mojawapo ya lugha rasmi za Komoro, pamoja na Kikomoro na Kiarabu, na ni nadra kukosa mtaani kwetu jamaa au jirani wa asili ya Ngazija aliyesoma kwa Kifaransa. Andika mazungumzo ya kazini kwako, yatoe katika kitabu kinachoaminika, kisha mwombe akusomee huku ukimrekodi kwa simu. Usimwombe akufundishe. Kufundisha kutamchosha na atakukwepa, lakini kusoma ukurasa mmoja kwa dakika mbili kila wiki ni ihsani ambayo watu wengi huitoa kwa moyo mkunjufu.

Nitaufuata mfano mmoja hadi mwisho. Mwenzangu mmoja, mama wa watoto wawili anayekaa Fuoni na kufanya kazi ya mapokezi mjini, alirekodiwa na jirani yake mazungumzo haya kati ya mgeni na mpokezi:

— Bonjour, madame. Excusez-moi, je suis dans la chambre soixante-quatorze.
— Bonjour, monsieur. Je vous écoute.
— Je n'ai pas dormi cette nuit. Il y a eu du bruit dans la chambre au-dessus jusqu'à deux heures du matin, et la climatisation ne marche plus depuis hier soir.
— Je suis désolée, monsieur. J'envoie tout de suite un technicien. Vous préférez changer de chambre ?
— Oui, si c'est possible.
— Il nous reste une chambre au calme, côté jardin. Elle est prête à partir de onze heures.

Jumamosi: kusikiliza bila kuona (dakika 30)

Sikiliza matini mara tatu bila kuyafungua maandishi. Mara ya kwanza jibu maswali mawili tu: ni nani wanaozungumza, na mmoja anataka nini kwa mwenzake? Mara ya pili andika maneno uliyoyatambua, popote yalipo. Mara ya tatu yapange kwa mfuatano wake, kisha eleza kwa Kiswahili, kwa sentensi tatu, unachodhani kimetokea. Mwenzangu aliandika kwamba mgeni wa chumba namba 64 hakulala kwa sababu ya kelele za chumba cha chini, na kwamba atahamishwa. Kisa alikipata, lakini namba ya chumba na mahali pa kelele alivikosea vyote viwili. Iache karatasi hiyo kama ilivyo, kwa sababu utaihitaji Ijumaa.

Jumapili: imla, na kuyagawa makosa (dakika 75)

Hii ndiyo siku inayobeba wiki nzima. Kaa mahali pa kimya, weka vipokea sauti masikioni, na uandike matini yote kwa mkono. Cheza sentensi moja, simamisha, andika. Irudie hadi mara tano, si zaidi. Ukishindwa acha nafasi wazi na uendelee. Programu nyingi za kuchezea sauti hukuruhusu kupunguza mwendo. Unaweza kushuka hadi 0.75, lakini chini ya hapo sauti huvutika na kuharibika, na utakuwa unajifunza Kifaransa ambacho hakisemwi na mtu yeyote.

Kwa maneno 100 imla itachukua dakika 35 hadi 40. Hapo ndipo maandishi hufunguliwa kwa mara ya kwanza, na kila tofauti huwekewa mstari kwa kalamu nyekundu. Zihesabu. Katika maneno 100, tofauti zikiwa chini ya 10, matini ni nyepesi na wiki ijayo upande kidogo. Zikizidi 50, matini imekushinda. Chukua nyengine fupi zaidi na usione haya, kwa maana hakuna stadi itakayosimama juu ya maneno ambayo nusu yake hukuyasikia. Kati ya hapo ndipo kazi inapofanyika.

Sasa kila kosa liwekwe katika fungu moja kati ya matatu. Naomba hatua hii usiiruke hata ukiwa umechoka, kwa sababu ndiyo inayokuambia siku zilizobaki uzifanyie nini.

Fungu la kwanza ni la sauti ambayo sikio halikuipambanua. Mwenzangu aliandika *au-dessous*, yaani chini, mahali pa *au-dessus*, yaani juu. Maneno haya mawili yanatofautiana kwa vokali moja tu, na vokali iliyomo katika *dessus* haimo katika Kiswahili, kwa hiyo sikio letu huichukua kama «u» ya kawaida na kulipata neno la pili. Kazini kosa hilo humtuma mlinzi kugonga mlango wa watu wasiokuwa na hatia saa nane za usiku. *Soixante-quatorze* nayo aliisikia kama *soixante-quatre*, kwa kuwa mwisho wa neno ulimpita.

Fungu la pili ni la neno lisilojulikana. *Côté jardin* alilisikia vizuri akaandika «kote jardan», lakini hakujua kwamba maana yake ni upande wa bustani. *Il nous reste* pia ilimpita, ingawa kila kipande chake alikwisha kukutana nacho.

Fungu la tatu ni la neno alilolijua na kulisikia, ila akaliandika vibaya. Aliandika *désolé* badala ya *désolée*. Anayesema ni mwanamke, kwa hiyo inahitajika «e» ya pili ambayo haisikiki kabisa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na sisi tuliolelewa katika maandishi hayo huwa tunaliamini sikio kupita kiasi. Katika Kifaransa herufi nyingi za mwisho ni za jicho tu.

Fungu la kwanza litashughulikiwa Jumanne, la pili Jumatatu, la tatu Alhamisi. Ukikuta wiki nne mfululizo makosa yako mengi yako katika fungu moja, ongeza dakika 10 katika siku yake na uzipunguze kwengine.

Jumatatu: kusoma, na kufasiri kwa Kiswahili (dakika 25)

Soma matini kwa sauti ya chini mara moja, kisha yatafute katika kamusi maneno ya fungu la pili pekee. Andika neno pamoja na wenzake wanaolizunguka: si *reste* peke yake, bali *il nous reste une chambre*. Nomino nayo iandike pamoja na *un* au *une*, usiiandike uchi.

Baadaye, kwa dakika 15, ifasiri matini yote kwa Kiswahili fasaha katika ukurasa wa peke yake, kana kwamba unamweleza mkuu wa zamu. Tafsiri hii si ya kujipima tu, kwani Alhamisi itakuwa ndiyo mwalimu wako. Nasisitiza ifanywe kwa Kiswahili na si kwa Kiingereza, ingawa kamusi nyingi na programu nyingi za simu hupitia Kiingereza. Kiswahili kiko karibu zaidi na Kifaransa katika mambo kadhaa ambayo Kiingereza huyavuruga. Sisi tunasema «nina njaa», «nina kiu», «nina miaka 30», na Mfaransa husema *j'ai faim*, *j'ai soif*, *j'ai trente ans*, kwa kitenzi kile kile cha kuwa na kitu. Anayepitia Kiingereza ndiye anayeandika *je suis faim*. *Il nous reste une chambre* nayo inakaa vizuri kabisa katika «tumebakiwa na chumba kimoja».

Hata jinsia ya nomino, inayowatisha wengi, si jambo geni kwetu. Katika «chumba kimoja kiko tayari», «ki» inalifuata neno chumba na si mtu wala maumbile yake. Ndivyo ilivyo *elle est prête*: *elle* inafuata neno *chambre*, lililo katika kundi la kike, na *prête* inapatana nalo, tena safari hii mapatano yanasikika, kwa kuwa «t» ya mwisho hutamkwa. Aliyezizoea ngeli za Kiswahili ana makundi mawili tu ya kushika hapa. Tunapoteleza ni kwa watu. «Yeye» wetu hana mume wala mke, kwa hiyo ulimi hutoa *il* kwa bibi na *elle* kwa bwana bila kujijua. Dawa yake iko katika kazi ya Jumatano.

Jumanne: kufuatisha kwa ulimi (dakika 25)

Waliosoma chuoni utotoni wanaijua kazi hii. Ustadhi husoma, mwanafunzi humfuata neno kwa neno, na herufi haikubaliwi mpaka itoke katika makhraji yake. Fanya hivyo hivyo na sauti uliyorekodi. Dakika tano za kwanza cheza sentensi, simamisha, sema. Dakika kumi zinazofuata sema pamoja na sauti bila kuisimamisha, ukiwa nyuma yake kwa nusu ya neno, na maandishi yakiwa mbele yako. Lengo ni mwendo na miungano: katika *vous écoute*, «s» isiyosikika peke yake huamka na kuwa «z», na katika *deux heures* «x» hufanya vivyo hivyo. Ukisema maneno yakiwa yametengana, utaeleweka, lakini wewe hutaelewa wengine wakiyaunganisha.

Dakika 10 za mwisho ni za fungu la kwanza. Kwa vokali ya *dessus* sema «i» ya Kiswahili na uishikilie, ulimi usitikisike, kisha viringa midomo kana kwamba unasema «u». Sauti itakayotoka ndiyo yenyewe. Ulimi ukirudi nyuma, umesema *dessous*. Sema maneno hayo mawili kwa kupokezana mara 20 na ujirekodi, kisha kesho yake sikiliza rekodi bila kuangalia mpangilio na uandike ni lipi ulilolisema. Ukishindwa kujitambua mwenyewe, mgeni naye atashindwa.

Kwa vokali za puani, kama zile za *dans*, *onze* na *jardin*, kipimo ni ncha ya ulimi. Mwishoni mwa vokali ulimi haupaswi kugusa ufizi wa juu. Ukigusa umetamka «n» ya Kiswahili, na *jardin* imekuwa «jardan», kama alivyoandika mwenzangu.

Juu ya «r» sishauri mtu apoteze wiki nzima. Hutamkwa nyuma kabisa ya kinywa, karibu na «gh» ya «ghali» na «lugha», na Mzanzibari anayeitamka «gh» sawasawa ana nusu ya kazi mkononi. Hata anayeibakisha «r» yetu ya ncha ya ulimi anaeleweka. Anayechanganya *dessus* na *dessous* haeleweki, na hapo ndipo dakika chache tulizonazo ziende.

Jumatano: kusema bila maandishi (dakika 30)

Funga daftari. Cheza maneno ya mgeni peke yake, simamisha, na ujibu ukiwa mpokezi; fanya mara mbili. Kisha badilisha mambo matatu katika kisa na ucheze tena: chumba kiwe 92, tatizo liwe maji ya moto, chumba kipya kiwe tayari saa tisa. Namba za 70 hadi 99 zinahitaji mazoezi ya peke yake, kwa sababu Mfaransa huzijenga kwa kujumlisha na kuzidisha: 74 ni 60 na 14, na 92, *quatre-vingt-douze*, ni 20 mara nne na 12. Wabelgiji na Waswisi husema *septante* kwa 70 na *nonante* kwa 90, na mgeni akisema hivyo hajakosea.

Saa zina mtego mbaya zaidi kwetu. *Deux heures du matin* ni saa nane za usiku, na *onze heures* ni saa tano za asubuhi. Mwenzangu, alipobadilisha kisa, alisema chumba kitakuwa tayari *à neuf heures* akikusudia saa tisa za mchana. Mgeni angekuja na mizigo yake saa tatu asubuhi na kukaa sebuleni kwa muda wa saa sita. Saa tisa mchana ni *quinze heures*, na katika hoteli ni salama zaidi kuzoea hesabu ya saa 24, kwa kuwa ndivyo Wafaransa wanavyoandika ratiba zao.

Kipande cha mwisho, dakika 10, ni kumsimulia kisa mwenzako wa zamu ya usiku, kwa kinasa sauti cha simu, bila kusimamisha. *Le client de la chambre 74 n'a pas dormi. Il veut changer de chambre.* Halafu simulia tena, mgeni akiwa mwanamke: *La cliente de la chambre 74 n'a pas dormi. Elle veut changer de chambre.* Hiyo ndiyo dawa ya «yeye» niliyoitaja, na inahitaji kurudiwa kila wiki kwa miezi, kwa sababu inapambana na mazoea ya maisha yote. Sikiliza rekodi yako mara moja tu, na uhesabu vituo vilivyozidi sekunde tatu. Mahali pa kituo kirefu ndipo penye neno ulilolikosa. Liandike, utalitumia kesho.

Alhamisi: kuandika (dakika 40)

Toa tafsiri ya Kiswahili uliyoiandika Jumatatu, weka matini ya Kifaransa mbali, na urudishe Kiswahili chako katika Kifaransa. Baada ya dakika 15 ilinganishe na asili. Faida ya njia hii kwa mtu asiyekuwa na mwalimu ni kwamba jibu sahihi analo mkononi, limeandikwa na aliyeimiliki lugha. Si kila tofauti ni kosa. Mwenzangu aliandika *maintenant* badala ya *tout de suite*, na mgeni angemwelewa. Lakini aliandika pia *hier nuit* kwa «jana usiku», na Kifaransa kina *hier soir*; na aliandika *huit heures de la nuit* kwa saa nane za usiku, mtego ule ule wa saa.

Dakika 25 zilizobaki andika kitu kipya cha maneno 60 hadi 80 kinachotokana na kisa: kijikaratasi cha kuwekwa chini ya mlango wa mgeni, au ujumbe wa simu wa kumwomba radhi na kumweleza kilichofanyika. Idadi hiyo nimeichagua kwa makusudi. Mtihani wa DELF A2 una kazi mbili za kuandika, kila moja ya maneno yasiyopungua 60, na zote mbili hufanywa ndani ya dakika 45. Ukiandika kwa simu, ongeza kibodi ya `Français` katika mipangilio, kisha bonyeza herufi kwa muda ili upate é, è na ç. Usiziache alama hizo, kwani *a* na *à* ni maneno mawili.

Ukimaliza, soma ulichoandika mara tatu, kila mara ukitafuta kosa la aina moja tu. Kwanza mapatano ya *un*, *une* na sifa zinazofuata. Pili vitenzi vya wakati uliopita: vingi huchukua *avoir*, lakini vya kwenda, kuja, kufika, kuondoka na wenzake huchukua *être*, na hapo ndipo *je suis arrivée* inapodai «e» ya mwanamke. Tatu, *il* na *elle*. Anayesoma mara moja akitafuta kila kitu huona kidogo sana.

Ijumaa: durusi (dakika 20)

Fanya asubuhi, kabla ya pirika za sala ya Ijumaa. Sikiliza matini mara moja ukiwa umefumba macho, kisha chukua karatasi ya Jumamosi na ujisahihishe. Soma tena maandishi ya jana. Jicho lililolala usiku mmoja huona yaliyofichika. Kisha chagua makosa matano, yasizidi, na uyaingize katika daftari dogo la makosa, kila moja likiwa ndani ya sentensi yake nzima iliyosahihi. Makosa 20 hutayarudia. Matano utayarudia ukisubiri gari.

Wiki inapovunjika

Itavunjika. Kwa wanaofanya kazi na wageni, miezi ya Julai na Agosti na siku za mwisho wa Disemba humaliza nguvu zote, ilhali miezi ya masika hutoa nafasi. Ukikosa siku moja usiifidie kwa kuiunganisha na nyengine; endelea pale ulipoachia, hata kama matini itachukua siku 10. Ukibakiwa na saa moja na nusu kwa wiki nzima, bakisha imla ya Jumapili, fupi zaidi, na simulizi ya Jumatano, kwa sababu hizo mbili ndizo huonyesha makosa ambayo mtu hayaoni kwa kusoma peke yake. Katika Ramadhani wengi wetu hupata utulivu baada ya daku. Kazi za kusema koo kavu la mchana halizipendi, kwa hiyo Jumanne na Jumatano zihamishie usiku baada ya tarawehe.

Kuna jambo moja ambalo mpango huu hauwezi kulitoa, nalo ni mtu anayekukatiza, anayekuuliza usilolitarajia. Kwa hiyo kila wiki ya nne, badala ya kazi ya Jumatano, zungumza kwa dakika 15 na mtu anayejua Kifaransa, awe jirani yule yule au mgeni aliyekaa barazani bila haraka, na kisa cha mazungumzo kiwe kimojawapo cha matini zako tatu zilizopita. Anayefikiria mtihani ajue kwamba sehemu ya kuzungumza ya DELF A2 ni ya dakika 6 hadi 8, ikitanguliwa na dakika 10 za kujiandaa, na kwamba kufaulu ni alama 50 kati ya 100 bila kupata chini ya 5 kati ya 25 katika sehemu yoyote. Huwezi kuikimbia stadi moja ukategemea nyengine tatu.

Matini ya wiki ya pili huchaguliwa kutoka katika daftari la makosa. Mwenzangu alikuwa na *au-dessus*, *quinze heures*, *hier soir*, *désolée* na *il nous reste*. Jirani yake alimrekodia mazungumzo ya mgeni anayeomba kuamshwa alfajiri aiwahi boti ya saa moja ya kwenda Dar es Salaam, na mpokezi anayemweleza kwamba mkahawa uko ghorofa ya juu na kahawa huwa tayari kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Katika imla ya Jumapili hiyo aliandika *au-dessus* bila kusita, na *six heures et demie* aliisikiliza mara nne kabla ya kuiandika.